Umeweka kihami joto darini na chumba bado ni tanuri: kutafuta kosa lilipo

Malalamiko huja kwa sura ileile: "Fundi, tumeweka foili nyumba nzima na hakuna kilichobadilika." Ukipanda darini unakuta foili ipo kweli, imenunuliwa ya kutosha, imetandikwa kwa bidii. Mara nyingi bidhaa haina kosa. Imewekwa tu mahali au kwa namna ambayo haiwezi kufanya kazi yake, na aliyeiweka hakuwa na njia ya kujua.

Hapa nashughulikia paa la bati lenye dari chini yake, kwa sababu ndipo makosa haya yalipo mengi. Paa la zege nitaligusa njiani, kwa kuwa lina dalili moja inayowachanganya watu.

Joto linafikaje kichwani mwako

Saa sita mchana, anga likiwa jeupe, jua humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Bati la rangi iliyokoza hupanda hadi nyuzi 65 na kuzidi. Unene wake haufiki hata milimita moja, na chuma hupitisha joto vizuri sana, kwa hiyo upande wa chini una moto uleule wa upande wa juu.

Sasa lipo swali ambalo ukilijibu vibaya kila kitu kinachofuata kinaharibika: joto hilo linavukaje ile nafasi tupu kutoka kwenye bati mpaka kwenye dari? Wengi watasema hewa. Lakini hewa ya moto hupanda, na pale darini tayari iko juu; inajikusanya chini ya bati na kutulia hapo. Haina sababu ya kushuka. Misumari na mbao hupitisha kiasi, lakini kidogo. Sehemu kubwa ya joto hushuka kwa mionzi. Bati linaiangazia dari kama makaa ya jiko yanavyokuunguza uso ukiwa umekaa pembeni yake, wakati hewa ya moto inapanda zake juu. Dari nayo ikishapata moto inakuangazia wewe. Ndiyo maana unaweza kukaa mbele ya feni na bado ukahisi utosi unawaka.

Kuna familia mbili za vihami joto, na kila moja inapigana kwa njia yake. Sufi ya kioo, sufi ya mwamba na bodi za povu zinakamata hewa ndogondogo isiyotembea, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Nguvu yake iko kwenye unene. Foili ya alumini haina unene wa maana. Nguvu yake iko kwenye uso. Alumini inayong'aa hutoa karibu asilimia 5 tu ya mionzi ambayo uso mweusi wa joto lilelile ungetoa. Ukichanganya familia hizi mbili, kwa mfano ukaibana foili kana kwamba ni godoro, au ukaigandamiza sufi kana kwamba ni karatasi, umeshapoteza.

Pima kabla ya kulaumu

Utahitaji kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola kinachosoma mionzi, na kipimajoto cha kawaida cha hewa. Pima kati ya saa 7 na saa 9 mchana, siku ya jua kali. Chukua namba tatu: joto la chini ya bati, joto la dari ukiwa chumbani, na joto la hewa ya chumba kwenye kimo cha kichwa.

Tahadhari moja imewahi kuniaibisha mbele ya mteja. Kile kipimajoto cha kulenga hakiisomi foili. Uso unaong'aa unarudisha mionzi ya vitu vingine kama kioo, kwa hiyo ukilenga foili iliyo chini ya bati la nyuzi 65, kinaweza kukuambia nyuzi 38 na ukashangilia bure. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya foili, subiri dakika tano, kisha lenga tepu. Namba hiyo ndiyo ya kweli. Bati jipya lisilopakwa rangi nalo lina tatizo hilohilo.

Linganisha dari na hewa. Dari ikizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 1 au 2, paa limedhibitiwa. Ikizidi kwa nyuzi 4 au zaidi, joto linatoka juu na una kazi ya kufanya. Ikilingana na hewa na chumba bado ni cha moto, ruka moja kwa moja hadi mwisho wa mwongozo huu.

Dalili ya kwanza: foili ipo, na dari yote bado ina moto sawasawa

Hii ndiyo kesi ninayoitwa zaidi, kwa hiyo niieleze kwa nyumba moja niliyoifanyia kazi. Bati la rangi ya maruni, dari ya jipsamu, foili ilitandikwa miaka miwili nyuma juu kabisa ya jipsamu, uso unaong'aa ukitazama juu. Mwenye nyumba alisema miezi ya mwanzo waliona nafuu, halafu ikatoweka. Alidhani foili "imeisha nguvu". Akatobolewa matundu ya kutolea hewa kwenye kofia ya paa, na hayo hayakumsaidia sana.

Saa 8 mchana chini ya bati nilisoma nyuzi 64, dari kutoka chumbani nyuzi 39, hewa nyuzi 32. Tofauti ya nyuzi 7 kati ya dari na hewa ni kubwa. Nilipopanda sikuona foili. Niliona zulia la vumbi la kijivu. Nikapitisha kidole, mstari ukang'aa.

Hapo kuna jaribio la bure ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Nilifuta eneo la kama mita moja ya mraba kwa kitambaa kikavu, taratibu bila kuichana foili, nikashuka, tukasubiri saa moja. Dari chini ya eneo lililofutwa ilisoma nyuzi 35. Pembeni yake, hatua moja tu, bado nyuzi 39. Foili haikuwa imeisha nguvu hata kidogo. Ilikuwa imefunikwa.

Hesabu inaonyesha kwa nini vumbi jepesi linatosha kuharibu kazi yote. Chukua bati la nyuzi 65 na dari ya nyuzi 40, bila foili. Mionzi inayoshuka ni karibu wati 160 kwa kila mita ya mraba. Weka foili safi, inashuka hadi wati 10 hivi. Foili yenye vumbi, ambayo uso wake sasa unatoa na kunyonya nusu ya mionzi badala ya asilimia 5, inaruhusu zaidi ya wati 90. Hizi ni namba za mionzi peke yake. Joto linalopita kwenye mbao na hewa linabaki, kwa hiyo usitegemee kuona maajabu ya asilimia 90 chumbani. Lakini ukubwa wa pengo unaonekana.

Kwa nini matundu ya kofia hayakusaidia? Kwa sababu yanatoa hewa, na adui hapa ni mionzi. Ukiiondoa hewa ya moto, bati linabaki na nyuzi zake 64 na linaendelea kuiangazia dari kama kawaida. Matundu yana faida yake, hasa jioni, ila peke yake hayaizimi dari.

Dawa ilikuwa kuigeuza foili kichwa chini. Tuliacha ile ya zamani pale ilipo na kupigilia mpya upande wa chini wa mbao za juu za kenchi, zile zinazofuata mteremko wa paa, uso unaong'aa ukitazama chini kwenye dari. Hapa wateja wengi hugoma: "Si inatakiwa itazame jua ilirudishe?" Uso unaokataa kunyonya mionzi ndio huohuo unaokataa kuitoa, kwa kiwango kilekile. Ukiutazamisha chini, foili yenyewe itapata moto sana, pengine nyuzi 55 na zaidi, lakini haitaweza kuuangazia mwili wa dari. Na faida kubwa: vumbi haliwezi kukaa kwenye uso unaotazama chini. Foili ya namna hiyo inabaki inang'aa kwa miaka.

Tulianza na chumba kimoja ili tulinganishe na cha jirani. Siku ya tatu, jua kali, dari ya chumba kilichofanyiwa kazi ilisoma nyuzi 34 na ya jirani nyuzi 39. Hewa ilishuka kwa nyuzi moja na nusu tu, kwa sababu hewa ya chumba inaingia pia kwa madirisha. Mwenye nyumba hakujali namba ya hewa. Alisema kichwa kimeacha kuuma mchana. Ni jibu sahihi kabisa kwa mtu aliyeondolewa mionzi.

Kabla hujaondoka kwenye dalili hii, angalia sababu nyingine tatu zinazofanana nayo kwa nje.

Ya kwanza ni foili kugusana. Foili iliyobanwa kati ya vitu viwili, bati juu na bodi chini, haifanyi chochote. Joto linapita kwa kugusana, na alumini ni mpitishaji mzuri. Uso unaong'aa lazima utazame hewa. Milimita 25 zinatosha kama nafasi ya chini kabisa. Zaidi ya hapo ni bora ila si lazima. Hili ndilo kosa la ile foili yenye malengelenge inapolazwa juu ya papi kisha bati likapigiliwa juu yake. Upande wa juu umegusa bati, hivyo hauna kazi. Upande wa chini ndio unaoweza kufanya kazi, na kama bidhaa yako inang'aa upande mmoja tu, basi upande huo lazima uwe chini. Nimekuta nyumba ambazo plastiki nyeupe imetazama chini na alumini imebanwa na bati, yaani fundi amebakiza malengelenge tu. Malengelenge ya milimita 4 yana ukinzani mdogo sana, yaani uwezo mdogo wa kuzuia joto lisipite, hayawezi kubeba kazi ya paa.

Ya pili ni foili kupakwa rangi. Kuna mtu alibandika foili chini ya paa la baraza lisilo na dari, haikumpendeza machoni, akaipaka rangi nyeupe. Rangi ya kawaida, hata iwe nyeupe kama theluji, hutoa mionzi ya joto karibu asilimia 90. Weupe unasaidia kurudisha mwanga wa jua juu ya bati. Chini ya bati hakuna mwanga wa jua. Kuna mionzi ya joto, na mbele ya mionzi hiyo nyeupe na nyeusi ni ndugu.

Ya tatu ni foili ambayo si alumini. Kuna karatasi za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha. Jaribio: shika kipande karibu na shavu lako, bila kugusa, nusu dakika. Alumini halisi utahisi vuguvugu la uso wako mwenyewe likirudi. Plastiki ya rangi ya fedha haifanyi hivyo.

Dalili ya pili: dari ni nzuri kwa ujumla, lakini ina mabaka ya moto

Lenga kipimajoto huku ukitembea taratibu, kama mtu anayepaka rangi, mistari ya nusu mita. Ukikuta sehemu inaruka nyuzi 3 au 4 kuliko jirani yake, weka alama kwa penseli. Ukimaliza, alama zenyewe zitakuonyesha umbo. Mstari mrefu ulionyooka ni mahali vipande viwili vya sufi havikukutana, au ubao wa kenchi ambao haukufunikwa. Duara ni taa. Mraba ni mfuniko wa kupandia darini, ambao karibu kila fundi husahau kuuwekea kihami joto upande wa juu. Baka lisilo na umbo ni sufi iliyolowa, iliyokanyagwa, au iliyohamishwa na panya.

Watu hudharau mianya hii kwa kuwa ni midogo. Chukua chumba cha mita za mraba 20 chenye sufi ya milimita 50. Sufi hiyo, ikiwa nzuri, ina ukinzani wa karibu 1.25. Dari yenyewe pamoja na hewa inayoizunguka ina kama 0.35. Penye sufi jumla ni 1.6, pasipo na sufi ni 0.35 tu. Kwa hiyo mita moja ya mraba iliyoachwa wazi hupitisha joto sawa na mita nne na nusu zilizofunikwa. Mfuniko mmoja na taa chache zikifikia mita hiyo moja, na tayari joto linalopita kwenye dari nzima limeongezeka kwa karibu moja ya tano.

Sufi iliyogandamizwa ni kosa la kimyakimya zaidi. Fundi amenunua ya milimita 100, nafasi aliyonayo ni milimita 50, akaisokomeza. Kilichokuwa na ukinzani wa 2.5 sasa kina nusu yake hivi, kwa sababu hewa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi na yeye ameikamua. Pima unene wake kwa kuchomeka kipande cha waya mwembamba chenye alama. Ikiwa nafasi haitoshi, bodi ya povu ni chaguo bora, kwa kuwa inatoa ukinzani mkubwa kwenye unene mdogo na haigandamiziki. Iwe tu imefunikwa na jipsamu upande wa chumba, maana povu linashika moto na kutoa moshi mbaya.

Sufi iliyolowa haihitaji mjadala mrefu. Maji hupitisha joto mara ishirini na kitu kuliko hewa ile iliyotulia. Ziba uvujaji kwanza, kausha, na kama imelala bapa hairudi kimo chake, itoe.

Kuhusu duara la taa, usiharakishe kulifunika. Taa zinazozama ndani ya dari, hasa za halojeni, zinahitaji nafasi ya kupumua. Ukizifunika kwa sufi zinaweza kuunguza dari. Badilisha kwanza ziwe za elidi ambazo kiwandani zimeruhusiwa kufunikwa, au acha nafasi na ukubali baka. Waya za umeme nazo, zikizikwa ndani ya kihami joto, hupata moto zaidi kwa mzigo uleule, kwa hiyo zile zinazobeba majiko na hita zipitishwe juu ya sufi. Na zisigusane na stairofomu: plastiki ya waya hupoteza ulaini wake ikigusana nayo muda mrefu, hukakamaa na kupasuka.

Dalili ya tatu: mchana panavumilika, usiku ndio moto

Hapa saa inakupa jibu kabla hujatoa kifaa. Bati halitunzi joto. Jua likizama, baada ya saa moja bati limeshapoa, na usiku wa anga safi linakuwa baridi kuliko hewa. Kama dari yako ni ya moto kuliko hewa saa 3 usiku na juu yake kuna bati tu, karibu kila mara chanzo si bati. Kuta nzito za matofali zilizokunywa jua mchana kutwa zinatoa joto lao, na sasa dari yenye kihami joto, pamoja na madirisha yaliyofungwa, vinalizuia kutoka. Kihami joto hakijui upande. Kinachozuia joto kuingia mchana kinalizuia pia kutoka usiku. Fungua madirisha ya pande mbili kuanzia jua likizama, na feni itoe hewa nje badala ya kuizungusha ndani.

Ikiwa juu yako ni zege, basi ni zege. Bamba la milimita 150 linachukua saa kadhaa kupitisha joto, kwa hiyo kilichoingia saa 7 mchana kinakufikia jioni na kuendelea usiku. Weka kiganja kwenye dari saa 9 alasiri, kisha saa 3 usiku. Kama ya usiku ina moto zaidi, umepata. Wengi hubandika povu upande wa chini, kwa kuwa ndiko kunakofikika. Chumba kitapata nafuu, lakini zege lenyewe litapata moto zaidi kuliko mwanzo, litatanuka na kusinyaa kila siku, na mipasuko itafuata, kisha maji. Mahali pake ni juu: povu gumu lisilonyonya maji, juu ya tabaka la kuzuia maji, likilaliwa na kokoto au vigae ili upepo usilibebe. Kabla ya yote hayo, paka juu rangi nyeupe na uioshe vumbi kila mwaka. Ni hatua nyepesi kuliko zote na mara nyingine inatosha.

Dalili ya nne: matone ya maji alfajiri, na mvua haijanyesha

Watu hupanda na kuanza kuziba misumari. Angalia kwanza ni lini matone yanatokea. Uvujaji unafuata mvua na unarudia palepale. Umande wa ndani unatokea usiku mkavu wenye nyota, bila upepo, unatapakaa kwenye bati zima, na unakoma jua likipanda. Usiku wa mawingu hauonekani.

Sababu yake ni ileile mionzi, safari hii kwenda juu. Bati linaiangazia anga na kushuka chini ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa. Tuseme hewa ni nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 85. Umande huanza kujikusanya kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 21 na nukta. Bati likifika nyuzi 19, upande wake wa chini unalowa, na kuongeza matundu ya hewa hakusaidii, kwa kuwa ndiyo hewa yenyewe inayoleta unyevu.

Ikiwa paa bado halijaezekwa, laza blanketi la sufi lenye foili moja kwa moja chini ya bati, sufi ikigusa bati na foili ikitazama chini, viungo vyote vimezibwa kwa tepu ya alumini. Hewa yenye unyevu haitalifikia bati. Ikiwa paa lipo tayari, ile foili ya chini ya kenchi itayapokea matone, mradi karatasi zipandane kama vigae, ya juu juu ya ya chini kwa milimita 150, na mwisho wake wa chini uvuke ukuta hadi upenuni ili maji yatoke nje. Ukizipandisha kinyume, umetengeneza mifuko ya maji juu ya jipsamu.

Kabla ya kupanda

Kwa kazi ya kuweka au kurekebisha, panda alfajiri; mchana panda kupima tu, kisha ushuke. Saa 7 mchana dari ya bati inaweza kumwangusha mtu mwenye afya. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya taa, hasa ukishughulika na foili, kwa kuwa foili ni chuma na pini ya stepla ikitoboa waya, karatasi nzima inabeba umeme. Hii imetokea. Nchini Australia, mwaka 2009 na mapema 2010, wafanyakazi vijana wanne walikufa katika mpango wa serikali wa kuwekea nyumba vihami joto. Watatu kwa umeme, mmoja kwa joto la darini. Tumia pini za plastiki penye waya, vaa barakoa na mikono mirefu ukishika sufi, na kanyaga mbao tu. Jipsamu haikubebi.

Dalili ya mwisho: dari ni baridi, chumba ni cha moto

Ukipima na dari ikalingana na hewa, shuka. Usiongeze safu ya pili ya chochote. Safu ya kwanza ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya faida, na kila inayofuata inaongeza kidogo kuliko iliyopita. Geuza kipimajoto kwenye kuta na madirisha. Ile nyumba ya bati la maruni, baada ya dari kutulia, chumba kimoja kiliendelea kulalamikiwa. Dari yake ilisoma nyuzi 33, hewa nyuzi 32. Saa 11 jioni nikalenga ukuta wa magharibi kutoka ndani: nyuzi 38, na kioo cha dirisha lisilo na kivuli kilikuwa hakigusiki. Tulimalizia kwa kivuli cha nje, mita moja mbele ya dirisha, na darini hatukurudi tena.